Umepandishwa cheo katikati ya mwezi: mshahara wa mwezi huo unakokotolewaje

Barua ya kupandishwa cheo ikianza tarehe 1, mhasibu wa mishahara hana kazi kubwa. Anafuta namba ya zamani, anaandika mpya, basi. Shughuli inaanza barua inaposema tarehe 9, au 16, au 26. Hapo mwezi mmoja una mishahara miwili ndani yake, na kila mtu ofisini ana njia yake ya kuichanganya. Wengine hulipa mshahara mpya mwezi mzima ili wasisumbuke, wengine husubiri mwezi ujao. Wako pia wanaogawa kila mshahara kwa 26 na kuzidisha kwa siku bila kuangalia mwezi wenyewe una siku ngapi, na hawa ndio watakaochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu, kwa sababu hesabu yao inaonekana sahihi mpaka siku inapomlipa mtu aliyepandishwa cheo pesa pungufu kuliko alizokuwa akipata kabla.

Tutatumia mfano mmoja wa Tanzania Bara tangu mwanzo hadi mwisho. Mtunza stoo wa kiwanda analipwa Sh 810,000 kwa mwezi na anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Anapandishwa kuwa msimamizi wa stoo kwa Sh 1,080,000, kuanzia Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024. Hana posho wala saa za ziada kwa sasa, hayo tutayaongeza baadaye.

Hatua ya 1: Shika tarehe moja

Barua huwa na tarehe tatu au nne: ya kuandikwa, ya kusainiwa na mfanyakazi, ya kukabidhiwa ofisi mpya, na ile ya kuanza kwa cheo. Inayohesabika kwenye mshahara ni hii ya mwisho peke yake. Kama barua inasema tu "kuanzia sasa" au "mara moja", irudishe kwa afisa utumishi aandike tarehe. Usibuni ya kwako, maana siku mbili tu za tofauti zinabadilisha malipo, na mwenye kubeba lawama baadaye ni aliyekokotoa, si aliyeandika barua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri, masharti ya ajira yakibadilika, ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Kwa hiyo nakala ya barua yenye tarehe ya kuanza iingie kwenye jalada la mishahara la mwezi huo. Ndiyo ushahidi wako mkaguzi akiuliza kwa nini Oktoba ina namba isiyofanana na Septemba wala Novemba.

Siku ya tarehe 16 yenyewe ni ya mshahara mpya. Ya zamani inaishia tarehe 15. Ukiihesabu tarehe 16 kwa pande zote mbili, umelipa siku moja zaidi.

Hatua ya 2: Hesabu siku za kazi za mwezi huo, si za mwezi wowote

Fungua kalenda. Oktoba 2024 ina siku 31, na Jumapili zake ni tarehe 6, 13, 20 na 27. Toa hizo nne, zinabaki siku 27 za kazi. Kati ya tarehe 1 na 15 kuna Jumapili mbili, kwa hiyo upande wa zamani una siku 13. Kati ya tarehe 16 na 31 kuna Jumapili mbili nyingine, upande mpya una siku 14. Jumlisha 13 na 14, unapata 27. Jumla isipolingana na siku za mwezi, usiendelee, rudi kwenye kalenda.

Tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, iliangukia Jumatatu. Usiitoe. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi analipwa sikukuu ya taifa kama siku nyingine, hivyo inabaki ndani ya zile 13 za upande wa zamani. Likizo ya mwaka nayo ni siku ya malipo, na ugonjwa vilevile maadamu yuko kwenye zile siku 63 za kwanza zenye mshahara kamili katika mzunguko wa miezi 36. Hapa neno "siku alizofanya kazi" linawapotosha wengi. Maana yake ni siku anazostahili kulipwa, hata kama siku hiyo alikuwa kijijini kwao akivuna mahindi kwa likizo halali.

Kuna wanaouliza kuhusu Jumamosi, kwa sababu viwanda vingi hufunga saa saba mchana siku hiyo. Je, ni siku nzima au nusu? Ihesabu vyovyote, mradi uihesabu hivyo hivyo juu na chini ya mstari wa kugawanya. Kwa mfano wetu, Jumamosi zikihesabiwa nusu, mwezi unakuwa na siku 25 na upande mpya siku 13. Matokeo yanatofautiana kwa Sh 400. Mimi huihesabu nzima, nikaepuka mjadala.

Hatua ya 3: Pata kiwango cha siku, cha zamani na kipya

Gawa kila mshahara kwa siku 27 za mwezi huo:

Sh 810,000 ÷ 27 = Sh 30,000 kwa siku, cheo cha zamani.
Sh 1,080,000 ÷ 27 = Sh 40,000 kwa siku, cheo kipya.

Kisha zidisha kila kiwango kwa siku zake:

Siku 13 × Sh 30,000 = Sh 390,000.
Siku 14 × Sh 40,000 = Sh 560,000.

Mshahara wa msingi wa Oktoba ni Sh 950,000.

Namba hizi nimezichagua ziwe safi. Kwenye kazi halisi utapata senti nyingi nyuma ya nukta. Usizikate kwenye kiwango cha siku, acha desimali zote ziende mpaka mwisho, ndipo ukamilishe shilingi kwenye jumla.

Kwa nini si 26

Hapa ndipo mabishano huanzia. Atatokea mtu aseme sheria inataka ugawe kwa 26. Hajakosea kabisa. Sheria ile ina jedwali la kubadili viwango vya mshahara, linalosema kiwango cha siku hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa zao la 4.333 na idadi ya siku ambazo mtu hufanya kazi kwa wiki. Siku sita mara 4.333 ni 25.998, ndiyo 26 ya mazoea. Kwa wanaofanya kazi siku tano ni 21.665. Hiyo 4.333 ni wastani wa wiki katika mwezi, na ni kipimo kizuri ukitaka thamani ya siku moja iliyosimama peke yake, kwa mfano siku za likizo zinazolipwa mtu akiacha kazi.

Lakini hapa hatutafuti thamani ya siku moja. Tunagawa mwezi mzima vipande viwili, na vipande hivyo vikirudishwa pamoja lazima viwe mwezi mmoja kamili, usiozidi wala kupungua. Oktoba yetu ina siku 27. Ukitumia 26, unamlipa mtu 27 juu ya 26 ya mwezi. Tazama inavyotoka: 13 × Sh 31,153.85 ni Sh 405,000, na 14 × Sh 41,538.46 ni Sh 581,538. Jumla Sh 986,538, yaani Sh 36,538 zaidi ya stahili.

Mfanyakazi hatalalamika, na wewe hutajua. Sasa sogeza tarehe ya kupanda cheo iwe Jumatano tarehe 2 Oktoba. Kwa 26, siku moja ya zamani na 26 mpya zinatoa Sh 1,111,154. Huyu amelipwa zaidi ya mshahara mpya kamili, wakati siku moja ya mwezi alikuwa bado kwenye mshahara wa zamani. Haiwezekani.

Februari ndiyo inayoumiza. Februari 2025 ilikuwa na siku 28 na Jumapili nne, siku za kazi 24. Chukua mtu huyo huyo, mishahara ile ile, apandishwe Jumatano tarehe 26 Februari. Siku 21 za zamani, siku 3 mpya. Kwa kigawanyo cha 26:

21 × Sh 31,153.85 = Sh 654,231.
3 × Sh 41,538.46 = Sh 124,615.
Jumla Sh 778,846.

Mtu amepandishwa cheo, amehudhuria kazini kila siku, na mshahara wake umeshuka kwa zaidi ya Sh 31,000 chini ya Sh 810,000 alizokuwa akipata. Huyu atakuja ofisini kwako na slipu mkononi, na atakuwa na haki. Kwa siku 24 hesabu ni 21 × Sh 33,750 jumlisha 3 × Sh 45,000, jumla Sh 843,750.

Ndiyo maana kila hesabu ya aina hii ninaipitisha kwenye kipimo kimoja kabla ya kuisaini: jibu lazima liwe kati ya mshahara wa zamani na mpya. Likitoka nje ya hapo, chini au juu, kigawanyo kimekosewa au siku zimehesabiwa vibaya. Lakini likiwa ndani bado linaweza kuwa na kosa, kama zile Sh 986,538 zilivyojificha, kwa hiyo lazima pia siku za pande mbili zilingane na kigawanyo.

Kampuni nyingine hutumia siku za kalenda, 31 kwa Oktoba, na Jumapili zikiwemo. Nayo ni halali kimahesabu, kwa kuwa 15 na 16 zinarudi kuwa 31. Inatoa Sh 949,355, pungufu kwa Sh 645 tu kuliko yetu. Ubaya wake unaonekana cheo kinapoanza Jumapili: upande mpya unapata siku ambayo hakuna aliyeingia kazini. Chagua njia moja, iandike kwenye kanuni za ofisi, kisha usiibadilishe kwa sababu ya mtu. Kinachozua manung'uniko ni ofisi kutumia kalenda kwa mfagizi na siku za kazi kwa meneja.

Hatua ya 4: Hakiki kwa njia ya tofauti

Kuna njia fupi ya kufika pale pale, na nzuri zaidi kwa kumweleza mfanyakazi. Mlipe mshahara wa zamani mwezi mzima, kisha mwongezee tofauti kwa siku za cheo kipya tu. Tofauti ni Sh 270,000. Gawa kwa 27, ni Sh 10,000 kwa siku. Kwa siku 14 ni Sh 140,000. Ongeza kwenye Sh 810,000, unapata Sh 950,000 zile zile.

Njia mbili zikitoa jibu moja, endelea. Anayetumia Eksel anaweza kuweka tarehe ya kuanza cheo kwenye B1, mshahara wa zamani B2, mpya B3, halafu:

```
B4: =NETWORKDAYS.INTL(EOMONTH(B1,-1)+1,EOMONTH(B1,0),11)
B5: =NETWORKDAYS.INTL(B1,EOMONTH(B1,0),11)
B6: =ROUND((B2*(B4-B5)+B3*B5)/B4,0)
```

Namba 11 inaiambia Eksel kwamba siku ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Kwa wanaopumzika Jumamosi na Jumapili weka 1. Usiongeze orodha ya sikukuu mwishoni mwa fomula, kwa sababu ile niliyoitaja ya Siku ya Nyerere. B4 ni siku za mwezi, B5 ni siku za cheo kipya, B6 ni jibu.

Hatua ya 5: Makato yakatwe kwenye jumla

Kwenye slipu onyesha mistari miwili ya mapato, Sh 390,000 ya siku 13 na Sh 560,000 ya siku 14, ili mfanyakazi aone hesabu yake. Ila makato yasiguse mistari hiyo mmoja mmoja. Kodi ya mshahara inatazama mapato ya mwezi, na mwezi ni mmoja.

Kwa viwango vya PAYE vilivyotumika Oktoba 2024, Sh 270,000 za kwanza hazikuwa na kodi, hadi Sh 520,000 ni asilimia 8, hadi Sh 760,000 asilimia 20, hadi Sh 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi, asilimia 10, unatolewa kwanza: Sh 95,000. Kinachotozwa kodi ni Sh 855,000. Hadi Sh 760,000 kodi ni Sh 68,000, na Sh 95,000 zinazobaki zinatozwa asilimia 25, ambayo ni Sh 23,750. PAYE ni Sh 91,750. Mkononi anabaki na Sh 763,250.

Sasa fikiria mtu amemwingiza mfanyakazi mara mbili kwenye mfumo, cheo cha zamani na cheo kipya, kila kimoja na malipo yake. Kipande cha kwanza baada ya NSSF ni Sh 351,000, kodi yake Sh 6,480. Cha pili ni Sh 504,000, kodi yake Sh 18,720. Jumla Sh 25,200. Kodi imepungua kwa Sh 66,550, kwa sababu zile Sh 270,000 zisizotozwa zimetolewa mara mbili na viwango vya juu havikufikiwa. TRA wakikagua, mwajiri ndiye atakayedaiwa, na riba juu yake. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: idadi ya wafanyakazi kwenye ritani ya mwezi inazidi idadi ya watu mlio nao.

Mwenye mkopo wa elimu ya juu anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na msingi wa mwezi huo ni Sh 950,000, si ya zamani wala mpya. Mchango wa mwajiri NSSF nao unafuata jumla hiyo hiyo.

Posho, utoro na saa za ziada

Posho isiyobadilika na cheo iache ilivyo. Inayokuja na cheo kipya ianze na cheo kipya: kama msimamizi wa stoo anapewa Sh 54,000 za simu kwa mwezi, Oktoba anapata 14 juu ya 27 yake, Sh 28,000.

Siku ya kutofika kazini bila malipo inakatwa kwa kiwango cha siku yenyewe. Mtu wetu akikosa siku mbili tarehe 8 na 9, upande wa zamani unakuwa siku 11, Sh 330,000, na jumla inashuka kuwa Sh 890,000. Angekosa tarehe 22 na 23, angekatwa Sh 80,000. Kigawanyo kinabaki 27 katika hali zote mbili, kwa sababu siku za mwezi hazikupungua, zimepungua za kulipwa.

Saa za ziada ni jambo jingine, na hapa lile jedwali la sheria ndilo mahali pake. Saa 45 kwa wiki mara 4.333 ni kama saa 195 kwa mwezi. Saa ya zamani ni Sh 4,153.85, saa mpya Sh 5,538.46, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Akifanya saa 4 za ziada tarehe 10 na saa 6 tarehe 24, anapata Sh 24,923 na Sh 49,846. Angalia tarehe ya saa zilipofanyika, si tarehe fomu ilipowasilishwa. Fomu za saa za ziada huletwa zote kwa pamoja mwisho wa mwezi, na mfumo ukishabadilishiwa mshahara utazilipa zote kwa kiwango kipya bila kukuuliza.

Barua ikichelewa

Mara nyingi barua ya tarehe 16 Oktoba inafika mezani Novemba, Oktoba ikiwa imeshalipwa Sh 810,000. Usifungue upya mwezi uliofungwa. Lipa Novemba mshahara mpya kamili wa Sh 1,080,000, na juu yake mstari wa malimbikizo wa Sh 140,000, ulioandikwa wazi kuwa ni wa siku 14 za Oktoba. Kigawanyo cha malimbikizo ni siku 27 za Oktoba, hata kama unalipa Novemba, yenye siku 26 za kazi.

Baada ya hapo angalia mshahara wa kudumu uliobaki kwenye mfumo. Kama Oktoba ililipwa kwa wakati, kuna hatari ya kuiacha Sh 950,000 iendelee Novemba na Desemba, kwa kuwa iliandikwa kwenye sehemu ya mshahara wa msingi badala ya marekebisho ya mwezi mmoja. Na kama ndani ya mwezi huo huo mtu alikaimu kwa kiwango chake kabla ya kuthibitishwa, vipande vinakuwa vitatu. Hesabu ni ile ile: siku za vipande vyote zirudi kuwa 27, na jibu lisitoke nje ya kiwango cha chini na cha juu kati ya vitatu hivyo.